UZI: Maili 12 na maili 200 za bahari zinaanza kuhesabiwa wapi hasa? Msaada kwa mwanafunzi wa jiografia

Mwana_Jio

Wakuu, habari za jioni. Nipo kidato cha sita. Tumepewa ramani tupu ya pwani ya Tanzania tuchore maji ya kitaifa na Ukanda wa Uchumi wa Bahari. Nilifanya hivi: nikachukua maili 12 nikazidisha kwa 1.6 nikapata kilomita 19, nikachora mstari unaofuata pwani ya bara kutoka Tanga mpaka Mtwara. Kisha maili 200 mara 1.6 nikapata kilomita 320, nikachora mstari wa pili. Mwalimu kakata yote miwili na hajaandika sababu.

Naomba kueleweshwa nilipokosea. Na swali la pili: bahari yetu inaishia 12 au 200? Vitabu havielewani.

Chuma_cha_Pwani

Dogo, hilo ni jepesi. Maili 12 ni mpaka wa nchi, ndani yake ni kama ardhi. Baada ya hapo unahesabu maili 200 nyingine, hizo nazo ni zetu kiuchumi. Jumla maili 212. Meli yoyote ya kigeni ikiingia humo bila kibali chetu inakamatwa. Ulichokosea ni kuhesabu 200 kutoka ufukweni.

Mpima_Maji

Mkuu Chuma, la kwanza umelipatia, mawili yaliyofuata hapana.

Maili 200 hazianzii pale 12 zinapoishia. Zote mbili zinaanzia mstari mmoja, ule wa msingi. Ukitoa 12 kwenye 200 unabaki na ukanda wenye upana wa maili 188, huo ndio Ukanda wa Uchumi. Suala la meli kukamatwa namwachia mwanasheria wa humu.

Sasa kwa Mwana_Jio. Ramani yako ina makosa matatu, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni maili. Uliyotumia ni ya barabarani, kilomita 1.609. Ya baharini ni mita 1,852 kamili. Kwa hiyo 12 ni kilomita 22.2 na 200 ni kilomita 370.4. Kwenye mstari wa nje umeipunguzia nchi karibu kilomita 50 za upana kuanzia kaskazini mpaka kusini, mwalimu lazima akate.

La pili ni kuanzia bara. Visiwa navyo vina pwani, na vinahesabiwa. Pemba iko kama kilomita 50 kutoka bara, halafu kuna Unguja na Mafia. Mistari yote miwili inatakiwa ipite mashariki ya visiwa hivyo.

La tatu wengi hawalioni. Wewe umefuata mikunjo ya pwani, kila ghuba ukaingia nayo na kila rasi ukatoka nayo. Mstari wa nje hauchorwi hivyo. Unapigwa kwa tao. Weka ncha ya bikari kwenye rasi, zungusha tao la maili 200. Sogea kwenye rasi inayofuata, zungusha tena. Ukishamaliza pwani yote, mpaka ni ule ukingo wa nje kabisa wa matao yote yakiwa yamepandana. Utaona ghuba zote zimepotea zenyewe, maana matao ya rasi mbili za pembeni yanazimeza. Kwa maili 200, ni sehemu chache tu za pwani zinazoamua mpaka, nyingine zote hazina kazi.

Mwana_Jio

Shukrani sana mkuu. Ramani yetu ni ya 1:4,000,000. Bikari niifungue kiasi gani? Na huo mstari wa msingi ni ufukwe wenyewe au?

Mpima_Maji

Kwa kipimo hicho, milimita moja ni kilomita 4. Maili 12 ni milimita 5.6 na maili 200 ni sentimita 9.3. Penseli ichongwe vizuri, kwa sababu unene wa mstari butu wa milimita moja tayari ni zaidi ya maili mbili za bahari.

Kama ramani ina gridi, kuna njia salama zaidi ya kuzidisha. Dakika moja ya latitudo ni takriban maili moja ya baharini. Basi fungua bikari kwenye skeli ya pembeni, ile ya latitudo: dakika 12 kwa maji ya kitaifa, na nyuzi 3 na dakika 20 kwa maili 200. Usipimie skeli ya juu au ya chini, ya longitudo, maana longitudo zinabanana kadiri unavyoiacha ikweta. Kwetu hasara ni ndogo, huko Mtwara utakosea maili tatu hivi kwenye 200, ila ukizoea vibaya siku ukipewa ramani ya Norwei utachekesha watu.

Mstari wa msingi wa kawaida ni pale maji yanapofika yakiwa yamekupwa, kama ulivyochorwa kwenye ramani kubwa za bahari zinazotambuliwa na serikali. Pwani yetu bamvua likikupwa maji yanaondoka mbali, sehemu nyingine watu wanatembea kwa miguu kufuata pweza. Huko kote ni ndani ya mstari wa msingi. Na kisiwa kikizungukwa na mwamba, mstari unapita ukingo wa mwamba wa upande wa bahari wakati wa kupwa, sio kwenye mchanga.

Kwa ramani yako ya shule hiyo tofauti ya kupwa na kujaa haionekani. Mita 500 ni sehemu ya nane ya milimita. Kinachoonekana ni kusahau Pemba.

Wakili_wa_Gati

Nimeitwa. Suala la meli kukamatwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, ukaanza kutumika 1994, unatenganisha vitu viwili ambavyo Chuma kavichanganya: kuwa na mamlaka juu ya mahali, na kuwa na haki juu ya kilichomo.

Ndani ya maili 12 nchi ina mamlaka juu ya maji, anga ya juu yake na sakafu ya chini. Hata hivyo, meli ya kigeni ina haki ya kupita kwa amani bila kuomba. Ipite mfululizo, isivue, isifanye mazoezi ya silaha, isifanye utafiti, isimwage uchafu kwa makusudi. Nyambizi inatakiwa ielee juu na ioneshe bendera. Ndege haina haki hiyo, lazima iwe na ruhusa. Kwa hiyo hata maneno ya "kama ardhi" yana kasoro.

Kati ya 12 na 200 nchi haina mamlaka juu ya mahali. Ina haki ya peke yake juu ya samaki, mafuta, gesi, nishati ya upepo na mawimbi, pamoja na madaraka juu ya utafiti wa kisayansi, miundo ya kujengwa baharini na ulinzi wa mazingira. Meli ya mafuta kutoka Ghuba kwenda Afrika Kusini inakata Ukanda wetu mchana kweupe na haimwombi mtu. Ndege zinapita, nyaya za mawasiliano zinatandazwa. Ikishusha nyavu tu, hapo ndipo inakuwa kesi.

Chuma_cha_Pwani

Sasa mbona ile meli ya samaki wa Magufuli ilikamatwa na watu wakafungwa? Si ilikuwa huko huko nje?

Wakili_wa_Gati

Ndiyo, na ilikamatwa kwa sababu ya uvuvi, sio kupita. Tawariq 1, Machi 2009, ndani ya Ukanda wetu, na samaki zaidi ya tani 290, madai yakiwa kuvua bila leseni. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala wa meli. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaufuta mwenendo ule kwa kasoro za kisheria.

Kwa mwanafunzi, kuna jambo la kushika hapo. Mkataba unaruhusu kupanda meli, kukagua, kukamata na kushtaki kwa kosa la uvuvi kwenye Ukanda. Ila unataka meli na mabaharia waachiwe haraka wakiweka dhamana inayofaa, na adhabu isiwe kifungo kama hakuna makubaliano na nchi yao. Ndani ya maili 12 kizuizi hicho hakipo. Samaki yule yule, meli ile ile, lakini pale alipokamatwa ndipo panapoamua adhabu. Ndiyo maana kwenye kesi za namna hii wanagombania nukta za GPS kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kasenyi_UG

Wandugu, nami niulize. Huku kwetu ziwani, Uganda ina maili ngapi Ziwa Viktoria? Wavuvi wetu wanakamatwa kila mara karibu na Migingo. Hiyo 12 inatumika?

Wakili_wa_Gati

Hapana ndugu. Mkataba huu ni wa bahari. Ziwa linagawanywa kwa mpaka wa kawaida wa nchi, kama vile mpaka unavyopita porini. Upande huu ni Uganda, upande ule ni Kenya, hakuna maji ya kitaifa, hakuna Ukanda, hakuna haki ya kupita kwa amani. Migingo ni ugomvi wa mpaka upo wapi, na maili hazisaidii chochote.

Uganda ina nafasi yake kwenye Mkataba, lakini ni kama nchi isiyo na pwani: inaweza kudai kushirikishwa, kwa usawa, kwenye ziada ya samaki wa Ukanda wa nchi jirani. Ziada maana yake kile ambacho nchi ya pwani imesema haiwezi kuvua yenyewe, na anayepiga hiyo hesabu ni nchi ya pwani.

Kasenyi_UG

Kumbe. Basi hiyo haki ni ya kwenye karatasi.

Mwana_Jio

Nimechora upya kwa matao. Sasa kusini-mashariki tao langu la maili 200 limeingia mpaka Komoro! Ngazija iko ndani ya Ukanda wa Tanzania. Nimekosea tena?

Mpima_Maji

Bikari haijakosea. Ila 200 ni kikomo cha juu kabisa, haina maana kwamba kila nchi lazima izifikishe. Zinapatikana zote pale tu ambapo mbele yako hakuna mtu kwa maili 400. Komoro iko karibu zaidi, na visiwa vya Aldabra vya Shelisheli navyo viko ndani ya 400. Hapo mnagawana. Tanzania ilikubaliana na Shelisheli mwaka 2002 na Komoro mwaka 2011. Kwa kazi yako, futa tao upande huo, chora mstari wa katikati kati ya pwani mbili, uandike kwamba ni mpaka wa makubaliano.

Kusini na kaskazini usiache wazi pia. Na Msumbiji kuna makubaliano ya mwaka 1988. Na Kenya mpaka unatoka Ras Jimbo, unapita kati ya Pemba na pwani ya Kenya, halafu unashika latitudo ya nyuzi 4 na dakika 40 kusini kwenda mashariki. Sehemu ya karibu na pwani ni makubaliano ya 1975 na 1976, sehemu ya mbali ni ya 2009.

Shimoni_254

Hapo kwa Kenya na Pemba ndipo ninataka kujua. Mimi niko na mashua Shimoni, nina leseni ya Kenya. Samaki wakishuka kusini ya Wasini tunawafuata. Nikivuka huo mstari, si kwa kuwa hapo ni Ukanda tu ninaweza kupita bora nisivue?

Mpima_Maji

Hapo sio Ukanda. Kutoka Mpunguti kwenda Ras Kigomasha ni chini ya maili 24, kwa hiyo maji ya kitaifa ya Kenya na ya Tanzania yanagusana pale katikati, hakuna nafasi inayobaki. Ukivuka mstari umeingia moja kwa moja kwenye maji ya kitaifa ya Tanzania, upande wa Zanzibar. Kupita unaweza. Kushusha mshipi ni jambo jingine.

Wakili_wa_Gati

Niongeze mawili kwa Shimoni. Makubaliano yale ya 1976 yana kifungu cha wavuvi wenyeji: wanaovua kwa kujikimu wanaruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Neno zito ni kujikimu. Mashua ya kuuza samaki hotelini au ya kupeleka watalii kuvua haimo.

La pili, usije ukakata leseni isiyo yake. Kwa Tanzania, uvuvi wa ndani ya maji ya kitaifa sio wa Muungano. Bara wana sheria yao na Zanzibar wana yao. Mamlaka ya Usimamizi wa Uvuvi wa Bahari Kuu inatoa leseni za Ukanda, baada ya maili 12. Leseni ya mamlaka hiyo haikupi ruhusa ya kuvua mlango wa Pemba, na ya Zanzibar haikufikishi kwenye Ukanda.

Shimoni_254

Sawa wakili, nimekupata. Lakini askari wa doria hawaulizi kujikimu, wanaangalia injini.

Mlango_wa_Kusi

Nimewasoma kimya. Mwana_Jio, hiyo latitudo ya 4°40′ isikupite hivi hivi, maana imebeba somo lote la mipaka ya bahari.

Pwani ya Kenya haielekei kaskazini wima, imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Mstari wa katikati, yaani ule ambao kila nukta yake ina umbali sawa kutoka pwani zote mbili, unatoka karibu pembe mraba na pwani. Kwa mpaka wa Kenya na Somalia hiyo ina maana mstari unashuka kusini-mashariki, mbele ya Kenya yenyewe. Kusini, Pemba inausukuma mpaka kwenda kaskazini. Kenya ikajikuta kati ya mistari miwili inayokaribiana.

Kwa Tanzania walikubaliana latitudo, yakaisha. Kwa Somalia Kenya ilidai vivyo hivyo, latitudo ya nyuzi 1 na dakika 39, kwa tangazo la 2005. Somalia ikadai umbali sawa, ikafungua kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014. Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021.

Mahakama ilikataa latitudo kwanza. Kenya ilisema Somalia imenyamaza miaka yote hiyo, kwa hiyo imekubali. Mahakama ikasema kunyamaza kule hakukuwa kwa uwazi na mfululizo wa kutosha kuitwa ridhaa, na Somalia ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe muda mrefu. Baada ya hapo ikafuata hatua zake za kawaida: ikachora mstari wa umbali sawa kwa nukta za bara, ikaacha vijisiwa vidogo vya karibu na mpaka kwa sababu vingepotosha mstari; ikaangalia kama kuna jambo la kuufanya usogezwe; mwisho ikalinganisha urefu wa pwani na maeneo kuona kama matokeo yamepishana mno.

Hatua ya pili ndiyo iliyoisaidia Kenya. Mahakama iliona kwamba ukizitazama Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, pwani imeingia ndani na Kenya ipo katikati, inabanwa. Makubaliano ya Kenya na Tanzania yenyewe iliyaweka kando, Somalia haikuwemo. Ikausogeza mstari kaskazini, ukaelekea nyuzi 114 kutoka kaskazini ya kweli.

Mwana_Jio

Nyuzi 114 maana yake nini kwenye ramani?

Mlango_wa_Kusi

Mashariki kamili ni nyuzi 90. Kwa hiyo mstari umeinama nyuzi 24 kusini ya mashariki. Piga hesabu: ukisafiri maili 200 kwa mwelekeo huo, utakuwa umeshuka kusini 200 × sin 24°, sawa na maili 81, yaani nyuzi 1 na dakika 21.

Ufukweni, mipaka miwili ya Kenya imeachana kutoka 1°39′ mpaka 4°40′. Hiyo ni nyuzi 3 na dakika 1, maili 181 kwenda kusini. Kule nje, mpaka wa kaskazini umeshafika kama 3°00′, wa kusini bado 4°40′. Zimebaki maili 100. Kama latitudo ingekubaliwa, zingekuwa 181 mpaka mwisho. Kama umbali sawa ungeachwa bila kusogezwa, zingekuwa chini ya 100. Nimeanzia ufukweni kurahisisha, kwenye maili 12 za kwanza mstari una mwelekeo tofauti kidogo, lakini picha ni hiyo.

Shimoni_254

Na Kenya ilisema haiutambui huo uamuzi. Kwetu huku mpaka ni ule wa zamani.

Wakili_wa_Gati

Ilisema hivyo, na haikushiriki hata kusikilizwa kwa mdomo mwezi Machi 2021. Kisheria hukumu inazifunga pande zote mbili na haina rufaa. Nani anapiga doria kule ni suala jingine. Mwanafunzi aandike mpaka wa hukumu, na aandike pia kwamba Kenya imeukataa. Akiandika kimoja tu amepoteza alama.

Chuma_cha_Pwani

Mimi nina takwimu za kumsaidia dogo. Maji ya kitaifa ya Tanzania ni kilomita za mraba 64,000, Ukanda 223,000. Ziko kwenye nyaraka nyingi tu za serikali. Aziweke.

Mpima_Maji

Takwimu unazo sawa, zimeandikwa kila mahali. Hiyo ya 223,000 inakaa vizuri, ya 64,000 hainiingii akilini. Tupige hesabu ya haraka.

Kutoka mpaka wa Kenya 4°40′ mpaka mdomo wa Ruvuma, kama 10°28′, ni nyuzi 5 na dakika 48. Hiyo ni maili 348, kilomita 644. Chukulia pwani imenyooka. Zidisha kwa upana wa Ukanda, maili 188 au kilomita 348, unapata kama 224,000. Inakaribiana mno na 223,000.

Sasa zidisha 644 kwa kilomita 22.2 za maji ya kitaifa. Unapata 14,300. Visiwa vinaongeza, Pemba na Mafia zina pande zake, mlango wa Zanzibar wote unaingia. Fanya mara mbili, ni 28,600. Bado huifikii 64,000.

Mwaka 1973 Tanzania ilitangaza maji ya kitaifa ya maili 50, kabla sheria ya 1989 haijayarudisha 12. Maili 50 ni kilomita 92.6. Zidisha kwa 644, inatoka 59,600. Ninavyoona mimi, ile 64,000 ni mabaki ya enzi za maili 50, imenakiliwa toka ripoti hadi ripoti.

Wakili_wa_Gati

Unaweza kuwa sahihi, lakini hesabu yako imechukua pwani iliyonyooka. Kama mlango wa Pemba, Unguja na Mafia vyote vikifungwa kwa mistari ya msingi iliyonyooka, maji ya ndani yanaongezeka na mtu mvivu anaweza kuyajumlisha humo.

Mpima_Maji

Hata ukiyajumlisha unahitaji 35,000 za ziada. Chora uone kama zinapatikana.

Mlango_wa_Kusi

Mkibishana hapo, mna jingine mmelisahau, na litaonekana kwenye ramani ya dogo. Fungu Mbaraka, ile inayoandikwa Latham. Iko zaidi ya kilomita 60 kusini-mashariki ya Unguja. Tao la maili 200 likianzia pale, mpaka wa nje unasukumwa mashariki. Lianzie au lisianzie?

Chuma_cha_Pwani

Lianzie! Ni ardhi yetu.

Wakili_wa_Gati

Kuwa yetu hakutoshi. Kwanza jiulize kama maji yakijaa kinabaki juu. Fungu linalozama maji yakijaa halina maji yake lenyewe, linaweza kusaidia mstari wa msingi tu kama liko ndani ya maili 12 kutoka bara au kisiwa. Fungu Mbaraka halizami, ndege wa baharini wanataga juu yake. Basi ni kisiwa, na maili 12 linazo kuzunguka pande zote.

Ila Mkataba unasema mwamba usioweza kukaliwa na watu wala kuwa na maisha yake ya kiuchumi hauna Ukanda. Mwaka 2016 jopo la usuluhishi la Bahari ya China Kusini lilikitafsiri kifungu hicho kwa ukali, likakinyima Ukanda hata kisiwa cha Itu Aba chenye visima vya maji na miti. Kwa kipimo kile Fungu Mbaraka halipiti, halina maji wala mkazi. Uamuzi ule ulizifunga Ufilipino na China tu, lakini majaji wanausoma.

Mlango_wa_Kusi

Na nchi nyingi zinaendelea kupigia matao kwenye miamba midogo kuliko huo, na hakuna aliyezishitaki. Mbele ya Fungu Mbaraka upande wa mashariki ni bahari kuu kwa sehemu kubwa, nani atalalamika?

Wakili_wa_Gati

Kutolalamikiwa sio kuwa na haki. Meli ya jodari ikikamatwa kwenye zile maili za ziada, wakili wake ataanzia hapo hapo.

Mwana_Jio

Sasa kwenye ramani nifanyeje wakuu? Kesho asubuhi naikusanya.

Mpima_Maji

Zungushia Fungu Mbaraka duara kwa bikari iliyofunguliwa milimita 5.6, hilo halina ubishi. Tao la sentimita 9.3 lipige kutoka Unguja, Pemba na Mafia. Kama nafasi ipo, chora tao la Fungu Mbaraka kwa nukta nukta na uandike pembeni kwamba linategemea kama kinahesabiwa kisiwa kamili au mwamba. Na kwenye takwimu andika 223,000, hiyo 64,000 iache mpaka Wakili amalize kuchora.